Kikaragosi Kinachotetemeka: Uchambuzi wa Mwendo wa Pikseli Nzima

Mwenye kuchora kwa pikseli hufanya kazi yake kama msukaji wa ukili: chane hupita juu ya nyingine au hupita chini yake, wala hapana chane ipitayo nusu. Akichora kikaragosi chenye upana wa pikseli 16 na kimo cha pikseli 24, basi nukta ya jicho, ukingo wa kanzu na kivuli cha chini ya kidevu ameviweka kwa kusudi, na kuisogeza nukta moja tu kunatosha kuigeuza sura. Ndiyo maana huingiwa na huzuni isiyo ndogo pale anapokitia kikaragosi hicho katika injini ya mchezo, akakiamuru kitembee kuelekea kulia huku kamera ikikifuata, akaona kazi aliyoifanya kwa utulivu inatetemeka kama mtu mwenye homa: mara iko mahali pake, mara imeruka pikseli moja mbele, mara imerudi, ilhali katika hesabu za mchezo hapana kosa lolote, na kasi haikubadilika hata chembe.

Mimi nilikutana na jambo hili katika mchezo mdogo wa mvuvi apitaye ufukweni, niliouchora kwa kioo cha pikseli 320 kwa 180, na kwa muda mrefu nililitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo. Nilipunguza kasi, nikabadilisha kamera, nikawasha kila kitufe kilichotaja pikseli katika mipangilio ya injini, na mtetemo ukaendelea kuwapo, ila ulihama tu kutoka kwa mvuvi ukaenda kwa minazi iliyokuwa nyuma yake. Nilikuja kutanabahi baadaye kwamba tatizo halikuwa desimali zenyewe, maana desimali haziepukiki, bali ni kwamba desimali zile zilikuwa zikikatwa mahali pawili pasipo makubaliano.

Kabla ya kuingia katika kiini hicho, yafaa kuliondoa njiani jambo jingine ambalo aghalabu huchanganywa nalo. Mchoro wa pikseli 320 kwa 180 ukikuzwa mara 6 hujaza barabara kioo cha 1920 kwa 1080, na kila pikseli ya mchoraji huwa mraba wa nukta 6 kwa 6. Lakini kompyuta nyingi za mkononi za bei nafuu zina kioo cha 1366 kwa 768, na hapo ukuzaji ni mara 4.27 hivi, yaani baadhi ya pikseli hupata nukta 4 na nyingine 5, na kikaragosi kinapotembea jicho lake hunenepa na kukonda kila hatua. Huo si mtetemo wa mwendo, ni kasoro ya ukuzaji, na dawa yake ni fupi: kukuza mara 4 kamili, kupata 1280 kwa 720, na kuacha ukingo mweusi wa nukta 43 kushoto na kulia na nukta 24 juu na chini. Katika Godot hali hiyo huitwa `integer`, na uchujaji wa picha uwekwe `Nearest` wala si `Linear`, ili rangi za pikseli jirani zisichanganywe. Jambo hili likishatengenezwa, mtetemo unaobaki ndio huu wetu.

Mashine za zamani hazikuujua ugonjwa huu, na sababu yake inafundisha. Katika Famicom ya Nintendo, ambayo Super Mario Bros. ilitolewa kwayo mwaka 1985, picha ilikuwa na upana wa pikseli 256, na mahali pa kila kikaragosi kwenye mhimili wa mlalo paliandikwa katika baiti moja tu, tangu 0 hadi 255. Hapakuwa na nafasi ya kuandika nusu hata kama mtu angetaka. Walakini si kweli kwamba waandishi wa mchezo ule hawakuwa na sehemu za pikseli. Kasi ya Mario waliihesabu kwa moja ya kumi na sita ya pikseli: akitembea, ukomo wa kasi yake ni 24, yaani pikseli 1.5 kwa kila fremu, na akikimbia ni 40, yaani pikseli 2.5. Sehemu iliyozidi namba nzima iliwekwa akiba kando, ikangoja fremu inayofuata, na zilipotimia kumi na sita ikatoka pikseli moja zaidi. Kwa hiyo Mario akitembea huenda pikseli 1, kisha 2, kisha 1, kisha 2, na jicho la mchezaji huona mwendo mmoja ulio sawa.

Hata hivyo lililo kubwa zaidi katika mpango ule ni namna kioo kilivyosogea. Hatua nzima aliyopiga Mario katika fremu ile, baada ya sehemu kukatwa na kuwekwa akiba, ndiyo hiyo hiyo iliyopelekwa kwenye hesabu ya kusogeza mandhari. Mandhari haikuwa na desimali zake yenyewe wala haikukadiria kivyake. Ilipokea namba iliyokwisha kukadiriwa. Mario akiwa katikati ya kioo akapiga hatua ya pikseli 2, dunia nayo ilirudi nyuma pikseli 2, na yeye akabaki juu ya safu ile ile ya kioo, imara kama nguzo.

Injini za siku hizi, kama vile Godot na Unity, huhifadhi mahali pa kila kitu kwa namba zenye desimali, na kamera nayo ni kitu miongoni mwa vitu, yenye mahali pake na desimali zake. Hapo ndipo ukadiriaji unapogawanyika. Chukua mvuvi wangu, ambaye kasi yake ilikuwa pikseli 78 kwa sekunde. Katika fremu 60 kwa sekunde hiyo ni pikseli 1.3 kwa fremu. Kamera inamfuata kwa kasi ile ile, na umbali wa kweli kati yao haubadiliki: ni pikseli 80.3 daima. Lakini injini inapochora humkadiria mvuvi peke yake na kamera peke yake, na tazama matokeo yake katika fremu tano za mwanzo:

```
mvuvi    kamera   round(mvuvi) - round(kamera)
100.4    20.1     100 - 20 = 80
101.7    21.4     102 - 21 = 81
103.0    22.7     103 - 23 = 80
104.3    24.0     104 - 24 = 80
105.6    25.3     106 - 25 = 81
```

Mtu asiyesogea kabisa mbele ya kamera amefanywa arukeruke kati ya safu ya 80 na ya 81. Ukiendeleza hesabu hii utaona kwamba katika kila fremu kumi huruka mara tatu, yaani mara 18 kwa sekunde, na kwa kuwa kioo kimekuzwa mara 6, kila ruko ni nukta 6 za kioo halisi. Hakuna jicho lisiloliona. Ajabu ni kwamba kila kadirio, likitazamwa peke yake, ni sahihi kabisa: 101.7 ni kweli iwe 102, na 21.4 ni kweli iwe 21. Kosa limo katika kutoa namba moja iliyokadiriwa kutoka kwa nyingine iliyokadiriwa kwa saa yake mwenyewe, kwa maana mvuvi huvuka nusu katika fremu fulani na kamera huvuka nusu katika fremu tafauti.

Hii ndiyo sababu mpangilio wa Godot uitwao `Snap 2D Transforms to Pixel`, ambao wengi huuwasha kwa matumaini makubwa, hautoshi peke yake. Mpangilio huo hukikadiria kila kitu wakati wa kuchorwa, nao haupagusi mahali pa kweli palipohifadhiwa, ambapo desimali huendelea kujikusanya kama kawaida. Maana yake ni kwamba kila kitu hukadiriwa kivyake, na ndilo jambo lile lile tulilolikimbia. Hausababishi ugonjwa, ila hauwezi kuutibu, maana haujui kwamba mvuvi, kofia yake, kivuli chake na kamera inayomfuata ni jamaa mmoja wanaopaswa kusogea pamoja.

Tiba, basi, ni kumrudishia kila mwenye kutembea mahali pa namba nzima, na kuiweka sehemu iliyobaki katika akiba yake, kama walivyofanya wale wa mwaka 1985. Njia hiyo ilielezwa kwa uwazi na Maddy Thorson, mmoja wa waliotunga Celeste, mchezo wa mwaka 2018 ambao nao umechorwa kwa pikseli 320 kwa 180: mahali pa wahusika na pa kuta ni namba nzima daima, na desimali zote hukaa katika baki. Kwa maneno ya msimbo ni mistari minne:

```
baki_x += kasi_x * dt
hatua = floor(baki_x + 0.5)
baki_x -= hatua
x += hatua
```

Msomaji aangalie kwamba nimeandika `floor(baki_x + 0.5)` wala sikuandika `round`, na si kwa kupenda urefu. Kazi ya kukadiria katika Unity, ikikutana na nusu kamili, huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Mtu anayekadiria mahali pa kitu kiendacho nusu pikseli kwa fremu ataona kitu hicho kinapita 0, 0, 1, 2, 2, 2, 3, 4, 4, 4, yaani kinasimama fremu tatu kisha kinaharakisha, ilhali kilipaswa kukaa fremu mbili mbili kwa kila pikseli. Na wale wanaokata desimali kwa kuigeuza namba kuwa nzima kwa nguvu hupata kasoro nyingine, kwa kuwa tangu 0.9 hadi hasi 0.9 yote huwa sifuri, na kikaragosi kinachovuka asili ya dunia ya mchezo husitasita pale kana kwamba kimekanyaga tope. `floor` haina upendeleo wa namna hiyo. Hushuka upande mmoja daima.

Mahali pa mvuvi pakishakuwa namba nzima, kamera iliyofungwa kwake haina budi kuipokea namba hiyo hiyo, wala isirudi kuuliza desimali. Hapa mambo ni mepesi. Ugumu huanza pale mtunzi anapotaka kamera iwe na ulaini, ichelewe kidogo mvuvi anapoanza kwenda na imfikie taratibu anaposimama, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa kwa kuisogeza kamera kila fremu sehemu moja ya kumi ya umbali uliobaki. Kamera ya namna hiyo ina mwendo wake yenyewe na desimali zake yenyewe, na ukiikadiria tutarudi kule kule kwenye 80 na 81.

Nilihangaika na jambo hili kwa siku nyingi, na njia niliyoiona bora ni kuacha kuhifadhi mahali pa kamera kabisa. Kinachohifadhiwa badala yake ni pengo, yaani kiasi ambacho kamera imechelewa nyuma ya mvuvi, na kamera huhesabiwa upya kila fremu kutokana na mahali pazima pa mvuvi:

```
pengo = (pengo + kasi_x * dt) * 0.9
kamera_x = x - 160 - floor(pengo + 0.5)
```

Tazama kinachotokea. Mvuvi akianza kwenda kwa pikseli 1.3 kwa fremu, pengo hupanda kutoka sifuri, kwanza kwa haraka, kisha polepole, likikaribia 11.7 bila kulifikia; likikadiriwa hupanda moja moja mpaka 12 na kutulia hapo. Akisimama, hushuka mpaka sifuri. Maadamu kasi haibadiliki, pengo hupanda tu au hushuka tu, haliendi mbele na kurudi, na namba isiyokwenda na kurudi haiwezi kutetemeka hata ukikata desimali zake zote. Mahali pa mvuvi mbele ya kioo ni 160 kujumlisha pengo lililokadiriwa, basi. Yale mapigo ya 1, 1, 2, 1 ya hatua zake hayaonekani kwake hata kidogo, maana yamehamia kwenye mandhari yote kwa pamoja. Masharti ni mawili tu. Pengo lilishwe kasi yenyewe yenye desimali, si hatua nzima, kwa maana likilishwa hatua zinazopishana kati ya 1 na 2 litaanza kupumua juu na chini. Na kasi hiyo iwe ile iliyofanikiwa: mvuvi akigonga mwamba na kusimama huku mchezaji angali amebonyeza kitufe, kasi ihesabiwe sifuri, la sivyo kamera itabaki nyuma bila kumfikia mtu aliyesimama.

Wapo wanaoshika njia nyingine, nao si wajinga. Huchora dunia kwenye turubai iliyozidi kidogo, tuseme 322 kwa 182, kwa kamera ya namba nzima, kisha wakishaikuza mara 6 huisogeza picha yote kwa ile desimali iliyokatwa, ili baki la 0.3 liwe nukta 2 hivi za kioo. Mandhari hupita kwa ulaini mkubwa kuliko njia yangu, hasa kamera inapokwenda polepole. Lakini insafu inataka isemwe pia kwamba ulaini huo una gharama: dunia ikiteleza kwa sehemu ya pikseli na mvuvi akasimama juu ya pikseli nzima za dunia hiyo, basi mbele ya kioo yeye ndiye atakayeonekana akipigapiga, isipokuwa kamera yenyewe iwe inapafuata pale mahali pake pazima na si mahali pa desimali. Kwa mchezo ambao kamera huzunguka huru juu ya ramani, ningeichagua njia hii. Kwa mchezo ambao mtu mmoja yuko katikati ya kioo muda wote, siichagui.

Mwendo wa mshazari una kasoro yake ya pekee. Mvuvi akielekea kulia na chini kwa pamoja, kwa kasi ya pikseli 60 kwa sekunde, kila mhimili hupata 42.4 hivi, yaani kama 0.71 kwa fremu. Kama baki la mlalo ni sifuri na baki la wima ni nusu, mihimili miwili haitapiga hatua katika fremu zile zile. Atakwenda kulia, kisha chini, kisha kulia, akishuka kwa vidato kama mtu wa ngazini. Hapa hakuna kamera wala kadirio maradufu la kulaumiwa, ni mabaki mawili yasiyokwenda sambamba, na yatosha kuyafanya yote mawili sifuri katika fremu ile ambayo mshazari unaanza. Hupoteza si zaidi ya nusu pikseli, na hakuna atakayejua.

Hata hivyo kikaragosi chaweza kupita kwa namba nzima kila fremu na bado kikaonekana kinatikisika, kwa sababu fremu za uhuishaji wake zenyewe hazikupangwa juu ya mhimili mmoja. Injini nyingi huweka kitovu cha picha katikati yake. Picha yenye upana wa 16 ina kitovu katika 8, na hilo ni jema. Picha yenye upana wa 17 ina kitovu katika 8.5, na mara hiyo nusu imerudi ndani ya nyumba kwa mlango wa uani. Katika Godot huo ndio mpangilio wa `Centered`, na mimi huuzima. Hatari ni kubwa zaidi pale programu ya kukusanya fremu katika picha moja inapokata uwazi wa pembeni ili kuokoa nafasi: fremu ya mguu mbele huwa na upana wa 18, ya miguu pamoja 15, ya mguu nyuma 17, na kila moja ikichorwa kwa kitovu chake, kichwa cha mvuvi hucheza kushoto na kulia japo mchoraji hakukisogeza. Fremu zote na ziwe za turubai moja, tuseme 32 kwa 32, na kitovu kiwe nyayoni, 16 kwa 32, mahali ambapo mwili unakutana na ardhi.

Kugeuza sura nako kuna mtego. Ikiwa mwili umechorwa na uti wake juu ya safu ya 7 katika picha ya safu 16, zinazoanza kuhesabiwa tangu 0, ukiigeuza uti utakuwa juu ya safu ya 8, na mvuvi ataruka pikseli moja kila anapogeuka. Ama mwili uchorwe kwa upana wa shufwa ukiwa sawa sawa juu ya mhimili, ama injini iongeze pikseli moja upande wa pili wakati wa kugeuka.

Kisha kuna miguu inayoteleza. Watu wengi hubadilisha fremu kwa saa, tuseme fremu 10 kwa sekunde, na kumsogeza mtu kwa kasi isiyohusiana na saa hiyo, hata mguu uliokanyaga mchanga ukaburuzwa pikseli moja mbele kabla haujainuliwa. Niliyoyaona kwa mvuvi wangu ni kwamba mchoro wake wa fremu 8 ulichorwa mguu ukirudi nyuma pikseli 3 kwa kila fremu. Basi nilichokifanya ni kuifunga fremu kwenye mahali pake pazima, `fremu = floor(x / 3) % 8`, na saa nikaiacha. Sasa mwili unakwenda pikseli 3, mguu ndani ya mchoro unarudi pikseli 3, na unyayo hukaa juu ya punje ile ile ya mchanga mpaka uinuliwe, kwa kasi yoyote, hata anapogonga mwamba na kusimama.

Mwenye kutaka kujua ni kasoro ipi kati ya hizi inayomsibu asitegemee jicho peke yake, kwa kuwa jicho hukiri mtetemo lakini halisemi mwenyewe ni nani. Arekodi kioo, kisha apite fremu moja moja, huku namba ya `round(x) - round(kamera_x)` ikiandikwa pembeni. Namba ikipanda na kushuka ilhali ilipaswa kutulia, ukadiriaji umefanywa mara mbili. Namba ikitulia lakini kichwa kikacheza juu ya nyayo, vitovu vya fremu si sawa. Na vyote vikitulia lakini pikseli zenyewe zikawa na unene tafauti, arudi kwenye ukuzaji.

Kuna kikomo ambacho hakuna msimbo utakaokivuka. Mashua ya mbali iendayo pikseli 10 kwa sekunde itapiga hatua moja kila fremu sita, na hatua hiyo itaonekana. Wapo wanaoikubali, nami ni mmoja wao. Na wapo wachoraji hodari wanaolitatua ndani ya mchoro wenyewe, wasiisogeze mashua bali wabadilishe rangi ya ukingo wake: pikseli ya mbele iliyokuwa ya bahari hupata kahawia hafifu, kisha kahawia iliyokolea, na ya nyuma hufifia kwa kiasi hicho hicho, hata jicho likaamini kwamba tanga limepita nusu ya pikseli. Ni kazi ya mkono, fremu kwa fremu, na kila rangi huchaguliwa upya kulingana na maji yaliyo nyuma yake.